Harusi ya juu, harusi ya chini: jinsi ya kuandika kisa chako cha aibu cha dakika tatu

Visa vingi vya aibu tunavyosikia kwenye simu vinaharibika mahali pamoja. Msimulizi anaeleza kilichotokea, lakini haelezi alitaka watu wamwone vipi kabla hakijatokea. Mtu aliyeteleza kwenye matope ya Kongowea siku ya mvua kapata ajali ndogo tu, na wasikilizaji watampa pole. Mtu aliyeteleza palepale huku amevaa kanzu mpya nyeupe, anakwenda kuposa, ana aibu. Aibu huzaliwa kwenye pengo kati ya sura unayotaka kuonyesha na sura inayoonekana. Ukiliona pengo hilo mapema, kazi ya kuandika inakuwa nyepesi. Usipoliona, hata ukiigiza na kucheka kiasi gani, kisa kitalala.

Mwongozo huu unashika aina moja ya kisa: cha mtu mmoja anayezungumza mbele ya kamera, dakika tatu, kikiwa na utangulizi, mambo yanayozidi kuharibika, na funzo mwishoni. Ili maelezo yasielee hewani tumebuni kisa kimoja cha hapa Mombasa na tutakijenga kutoka mwanzo hadi mwisho. Msimulizi wetu tumempa jina Mwanasha. Kaingia kwenye harusi isiyo yake: ya ukumbi wa chini, na ya ukweni iko juu ya ngazi.

Anza na sentensi moja

Kabla ya kuandika mstari wowote, jaza sentensi hii: "Nilitaka wanione hivi, wakaniona vile." Ya Mwanasha ni hii: "Nilitaka ukweni wanione mimi ndiye wa kwanza kufika, wakaniona wa mwisho, tena nikitoka harusi ya watu."

Sentensi hiyo ni mzani. Ukishindwa kuijaza, basi ulichonacho ni tukio la kuchekesha, na tukio huisha kwa sekunde ishirini. Umepanda matatu ya Bamburi ukitaka kwenda Likoni? Hilo ni tukio. Umepanda matatu ya Bamburi huku ukimwelekeza mgeni wako kutoka bara namna mwenyeji wa Mombasa asivyopotea? Hapo kuna kisa, kwa sababu kuna kitu ulichokuwa unakionyesha.

Angalia pia kwamba aibu ni yako. Ikiwa aliyeumbuka ni dada yako, na wewe ulikuwa umesimama pembeni ukitazama, hicho ni kisa chake. Kukisimulia kwako kutasikika kama kusengenya, na wasikilizaji wa pwani wanalinusa hilo haraka sana.

Tangulizi tatu, na hakuna zaidi

Utangulizi una kazi moja: kuweka vitu ambavyo vitarudi. Sisi tunaruhusu vitu vitatu tu, kwa sababu msikilizaji wa dakika tatu hawezi kubeba zaidi ya hivyo bila kuanza kusahau.

Kwa Mwanasha, cha kwanza ni nia: harusi iliyopita alichelewa, safari hii kaapa atatangulia. Cha pili ni sare ya familia, rangi ya zambarau. Cha tatu ni simu: kwenye sherehe nyingi za wanawake hapa kwetu simu hukusanywa mlangoni, kwa sababu ndani watu wamevua mabuibui na hawataki kupigwa picha. Simu hiyo ndiyo kufuli ya kisa kizima. Bila kuitoa, Mwanasha angepiga simu ukweni, angeambiwa "panda juu," na kisa kingekufa dakika ya kwanza. Unapoandika chako, tafuta kufuli yako. Jiulize ni njia gani rahisi ambayo ingekutoa kwenye aibu, kisha mwonyeshe msikilizaji mapema kwamba njia hiyo ilikuwa imefungwa. Usipofanya hivyo, kuna swali litakalomkaa kichwani mpaka mwisho: "Kwani hakuweza kupiga simu?" Mtu mwenye swali hasikilizi.

Katika rasimu ya kwanza tulikuwa na tuktuk pia, na nauli aliyolipa Mwanasha, na joto, na viatu vilivyombana. Vyote ni vya kweli kwa mtu anayekwenda harusini Mombasa, na vyote tumevitoa, kwa kuwa hakuna hata kimoja kinachorudi baadaye. Viatu ndivyo vilivyotuuma zaidi kuviacha, maana mstari wake ulikuwa mzuri. Lakini kitu kilichotajwa kwenye utangulizi ni ahadi, na viatu vile havikuwa na deni la kulipa.

Fikiria pia nani anakusikiliza. Mtu wa Mombasa ukimwambia umechelewa, kisha ukasema neno moja, "feri," ameshaelewa: amesimama Likoni, amesubiri, ameona saa ikienda. Huna haja ya kueleza mlango wa Kilindini wala foleni. Ukieleza, unamfanya mwenyeji ajione mgeni. Msikilizaji wa mbali naye atajua tu kwamba ni chombo kilichochelewa, na hilo linamtosha.

Ngazi ya kupanda

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo tutakapokaa kwa muda.

Kisa cha aibu hakipandi kwa sababu mabaya yanakuja mengi. Kinapanda kwa sababu msimulizi anajaribu kuficha, na kila anapoficha, gharama ya kusema ukweli inaongezeka. Kwa hiyo kila daraja la ngazi liwe na uamuzi wa msimulizi mwenyewe. Mambo yakikuangukia tu, moja baada ya jingine, unakuwa mtu mwenye mkosi, na huruma haichekeshi.

Daraja la kwanza la Mwanasha: anaona hakuna hata mmoja aliyevaa zambarau. Kutoka hapo ni bure kabisa, angeuliza tu. Badala yake anajipa sababu, na sababu yenyewe inatoka kwenye nia yake: bila shaka mimi ndiye niliyetangulia. Hilo ni muhimu sana. Kiu yake ya kuwa wa kwanza ndiyo inayompofusha. Ukiweza kufanya nia iliyotajwa kwenye utangulizi iwe ndiyo inayomdanganya mtu, ngazi yako inasimama yenyewe.

Daraja la pili: anakula. Sasa kutoka kuna gharama, maana ameshakula cha watu. La tatu: jina la bi harusi linatajwa, si lile analolijua, na mama wa pembeni anamuuliza kama ni wa kukeni au wa kuumeni. Hapa anasema uongo wa kwanza kwa kinywa chake. La nne: uongo huo unampa heshima. Watu wa kuumeni walikuwa wanangojwa, kwa hiyo anapelekwa mbele, anatiwa marashi, anabandikwa kikuba, kisha anaulizwa swali jingine na anadanganya tena, vibaya zaidi.

Tazama kinachotokea kwenye daraja hilo la nne. Hakuna anayemfokea. Wanamkirimu. Waandishi wengi wakifika hapa wanaongeza ugomvi, mlinzi, makelele, na kisa kinapoteza ladha. Ukarimu unaumiza zaidi kuliko ukali, kwa sababu anayekaripiwa anaweza kukasirika na kuondoka, lakini anayebandikwa kikuba hana pa kwenda. Kwa visa vya pwani hasa, ambapo mgeni hakosi sahani, silaha yako ni wema.

Madaraja manne yanatosha. Ukiona una saba, tafuta mawili yenye gharama sawa na ufute moja. Katika rasimu yetu Mwanasha aliombwa pia acheze. Lilikuwa jambo la kufurahisha, lakini halikuwa ghali kuliko kuketishwa mbele, kwa hiyo kisa kilisimama pale badala ya kupanda. Tukalitoa.

Kilele kiwe sentensi fupi sana. Ngazi imepanda kwa uongo, basi kilele ni ukweli, na ukweli uliokwepwa dakika mbili nzima unatosha kwa maneno manne. Usiuzungushie maelezo, wala usieleze ulivyojisikia. Uso wako kwenye kamera utamaliza kazi hiyo.

Mstari wa kwanza unaandikwa mwisho

Wengi huanza kwa salamu ndefu, kisha "leo nitawasimulia kitu ambacho sitakisahau maishani." Hapo umetumia sekunde kumi na hujasema kitu. Salimu ukitaka, lakini iwe neno moja, kisha ingia.

Swali gumu zaidi ni kama ufichue kosa mapema au ulifiche. Sisi tunapendelea kulifichua. Ukilificha kwamba harusi si yake, msikilizaji atashtuka mara moja, kwa sekunde moja, jina la bi harusi wa chini, Zuhura, likitajwa. Ukilifichua kwenye mstari wa kwanza, anajua kosa tangu Mwanasha anapoingia mlango wa chini, na kila sambusa inayotiwa kwenye sahani inamkunja uso. Unachoficha ni namna alivyotoka. Kwa hiyo: toa kosa, shika mlango wa kutokea. Ila usifichue kilele chenyewe, na usitaje kuumeni kabisa kwenye mstari huo.

Hati yenyewe

Alama ya mkwaju mmoja ni pumzi. Mikwaju miwili ni kimya cha sekunde mbili, kamera ikikutazama.

*Nilikuwa na katlesi ya tatu mkononi / nilipojua kuwa harusi niliyoketi si yetu.*

*Mimi nimeolewa Mji wa Kale, lakini tunakaa Likoni. Harusi ya kwanza ya ukweni nilifika watu wanakunja viti. Feri. Mavyaa hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akatazama saa. // Hii ya pili nikaapa: nitatangulia mimi. Bi harusi ni Salma, binti wa mjomba wa mume wangu, sijawahi kumwona. Sare yetu ni zambarau. Nikafika mapema, nikaona wanawake wanaingia mlango wa chini, nikafuata. Mlangoni simu zinakusanywa. Nikatoa yangu, nikapewa namba, nikaingia.*

*Ndani hakuna zambarau hata moja. / Nikajiambia, ndio nimetangulia, wenzangu wanakuja. Nikaketi. Sahani ikapita: sambusa, katlesi. Nikala. Mama wa pembeni akanijazia tena, nikala.*

*Mara vigelegele. Bi harusi anaingia, na mshika maiki anasema: "Tumshangilieni Zuhura!" // Zuhura. / Katlesi ikanikwama. Nikatazama mlango: uko mbali, na kati yangu na mlango kuna harusi nzima.*

*Mama wa pembeni akanigeukia. "Mwanangu, mbona sikufahamu? Wewe wa kukeni ama wa kuumeni?" Kukeni ni wao, wanajuana. Nikasema, "Kuumeni." //*

*Uso ukamng'aa. Akasimama, akapaza sauti: "Jamani! Kuumeni wameanza kufika!" Vigelegele. Kumbe kuumeni wanangojwa tangu magharibi. Nikashikwa mkono. "Ndoo mbele, mwanangu, ndoo!" Nikaketishwa kochi la mbele, nikatiwa marashi, nikabandikwa kikuba hapa kifuani. Nyanya mmoja akaniuliza, "Wewe nani wa bwana harusi?" Nikasema, "Shangazi yake." Nina miaka ishirini na sita. // Nyanya akanitazama. "Shangazi mdogo?" "Mdogo sana, nyanya."*

*Na hapo mlango ukafunguka. Vigelegele vya nje. Kuumeni wenyewe. / Mbele yao mama wa bwana harusi, na nyuma yake shangazi, wa kweli. Nyanya akawaita: "Ndooni, mwenzenu huyu hapa katangulia!" Ukumbi mzima ukanyamaza. Mama wa bwana harusi akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, kwa upole kabisa akauliza: "Huyu ni nani?" //*

*Nikasema: "Mimi ni wa juu."*

*Walicheka mpaka bi harusi akacheka. Yule mama akanifungia katlesi kwa karatasi, akanishika mkono, akanipandisha ngazi mwenyewe. Juu, wote zambarau, Salma keshaketi. Wa mwisho kuingia ni mimi, nina marashi ya harusi nyingine na kikuba kifuani. Mavyaa akanitazama. / Akatazama saa. // Siku hizi nikifika mlangoni, kabla sijatoa simu, nauliza: "Hii harusi ya nani?"*

Hesabu yake ni maneno 300 hivi: mstari wa kwanza 12, utangulizi 65, ngazi mpaka kilele zaidi ya 170, mwisho 50. Tunapanga kwa maneno 110 kwa dakika, na vituo vikiongezwa tunaangukia chini kidogo ya dakika tatu. Wewe pima kasi yako: soma ukurasa wowote kwa sauti ya kawaida kwa dakika moja, hesabu maneno, kisha tumia namba hiyo. Lakini zaidi ya hesabu, tazama uwiano. Ngazi imechukua zaidi ya nusu. Ukiona utangulizi wako unakaribia urefu wa ngazi, bado unajieleza.

Neno "tangulia" limesemwa mara tatu: Mwanasha anaapa kwalo, anajidanganya kwalo, na nyanya anamwumbua kwalo bila kujua. Mavyaa anatazama saa mara mbili. Marudio kama haya hayaji kwenye rasimu ya kwanza. Ukimaliza kuandika, rudi kwenye utangulizi, chukua neno moja na tendo moja, kisha utafute mahali pa kuvirudisha karibu na kilele na karibu na mwisho.

Kutumia -li-, -ka- na -na-

Kiswahili kinakupa chombo ambacho wengi wanakiacha kabatini. Tendo la kwanza la tukio lianze na -li-, yanayofuata yachukuliwe na -ka-, na pale unapotaka msikilizaji asimame kando yako, ruka kwenda -na-. Tazama hati: "Mavyaa hakusema kitu, alinitazama tu, kisha akatazama saa" inatembea kwa mwendo wa kawaida. Lakini bi harusi *anaingia*, mshika maiki *anasema*. Kwa sekunde hizo mbili sote tumo ukumbini. Jina likishatajwa, tunarudi kwenye -ka-: katlesi ikanikwama.

Hatari ya -ka- ni kwamba inateleza. Nikaingia nikaketi nikala nikaona nikasikia: matendo yote yanapata uzito sawa, na kilele kinapita kama tendo jingine lolote. Vunja mnyororo kwa sentensi isiyo na kitenzi. "Feri." "Zuhura." "Kuumeni wenyewe." Hizo ndizo kucha za kisa. Tatu au nne zatosha. Zikizidi, msimulizi anasikika kama anasoma telegramu.

Hatari nyingine ni "ambaye" na jamaa zake. Rasimu yetu ilikuwa na mstari huu: "Mama ambaye alikuwa ameketi pembeni yangu, ambaye nilidhani ni mtu wa familia, akaniuliza swali ambalo lilinishtua." Kwa maandishi unapita. Kwa mdomo, msikilizaji anangoja swali mpaka anachoka, tena umeshamwambia atashtuka. Tumebaki na "Mama wa pembeni akanigeukia," kisha swali lenyewe.

Kwenye mazungumzo acha watu waseme wanavyosema. Mama wa Mji wa Kale akisema "ndoo" badala ya "njoo," mwandike hivyo, na umtamke kwa heshima aliyonayo. Usimfanye sauti ya kikaragosi. Yeye ndiye mkarimu wa kisa. Ukimcheka yeye, aibu inahama kutoka kwako kwenda kwake, na ngazi yote inaanguka.

Funzo lisiloweza kubandikwa kwingine

Funzo la Mwanasha lingeweza kuwa "kuuliza si ujinga." Ni kweli, na ndiyo maana tumelikataa. Methali inapoanza tu, msikilizaji anaimalizia mwenyewe, na kidole kimeshasogeza video. Lingeweza pia kuwa "tusiwe waongo." Hilo linafaa visa elfu moja.

Funzo la kisa kama hiki liwe tendo dogo lenye mahali na wakati: mlangoni, kabla ya kutoa simu, anauliza jina. Litoke kwenye daraja la kwanza la ngazi, pale ambapo kutoka kulikuwa bure. Rudi kwenye daraja hilo, angalia ni kitu gani ambacho hukufanya, na useme kwamba sasa unakifanya. Kitenzi kiwe -na- au -a-, "nauliza," ili tuone tabia iliyobaki. Ukisema "niliamua kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa mtu wa kuuliza," umetoa hotuba.

Na funzo lisimlaumu mtu mwingine. Wengi wakifika mwisho wanageuka: mlangoni wangeandika majina, dereva angeniambia, feri nayo ingewahi. Hata kama ni kweli, hapo umejivua aibu uliyotumia dakika tatu kuivaa. Feri ilitumika mara moja, kwenye harusi ya kwanza, na baada ya hapo makosa yote ni ya Mwanasha.

Kujaribu kabla ya kurekodi

Jirekodi sauti tu, kisha usikilize ukiwa unaosha vyombo. Mahali ambapo umesahau kuwa unasikiliza, papunguze. Halafu msomee mtu mmoja ambaye hajui kisa, uso kwa uso, na umtazame macho badala ya kumuuliza maoni. Akikuuliza katikati "kwa nini hakutoka tu?", daraja ulilopo halina sababu ya kutosha, rudi uandike sababu moja. Kwetu swali hilo lilikuja baada ya jina la Zuhura, ndipo tukaongeza mstari wa mlango ulio mbali. Akicheka kabla ya kilele kisha akatulia kwenye kilele, basi una vilele viwili. Mara nyingi cha kwanza ndicho chenye nguvu, na kilichobaki kinatakiwa kufupishwa sana.

Ukirekodi, usicheke wewe kwanza. Mwanasha wa kwenye kisa haoni cha kuchekesha. Anaogopa. Msimulizi anayecheka kabla ya "shangazi yake" anawaambia watu kwamba mambo yaliisha salama, na mshawasha wote unamwagika.

Watu wengine waliomo

Harusini kuna watu ambao hawakuomba kuwa kwenye video. Kwa kisa cha sherehe ya wanawake usiweke picha ya ndani hata ukiwa nayo, hata ukificha nyuso: simu zilikusanywa mlangoni kwa sababu, na kuivunja sababu hiyo kwa ajili ya dakika tatu ni kuwakosea wote waliokuwemo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake binafsi. Simulia ukiwa umeketi nyumbani, na huo utabaki uso wako peke yake.

Badilisha majina, na usitaje ukumbi wala mwezi. Mavyaa huwezi kumficha, kwa kuwa kila anayekujua anamjua. Basi mwendee kabla hujapakia, msomee hati nzima, pamoja na pale anapotazama saa. Akikataa mstari huo, utoe kote, mwanzoni na mwisho, na utafute tendo jingine la kurudisha. Hali kadhalika ukibadilisha rangi ya sare ili familia isitambulike: ilitajwa mara tatu, kwenye utangulizi, kwenye daraja la kwanza na juu ya ngazi. Ikibaki zambarau mahali pamoja na kijani pengine, msikilizaji atadhani bado hujafika ukumbi wenu.